Sentensi moja, makosa matatu: kisa cha kai-skwea kwenye jedwali la hojaji

Rasimu ya ripoti ilikuwa na sentensi iliyobeba matokeo yote: "Uhusiano kati ya njia ya kujifunza na kuridhika ni mkubwa sana (χ² = 14.6, p < 0.01), kwa hiyo masomo ya mtandaoni yanapunguza kuridhika kwa wanafunzi." Aliyeiandika alikuwa amekusanya data vizuri na hojaji yake haikuwa mbaya. Hata hivyo sentensi hiyo ina makosa matatu. Namba 14.6, yaani χ² au kai-skwea, imetokana na jedwali lisilofaa kwa jaribio hili la kuangalia kama majibu ya maswali mawili yanahusiana. "Mkubwa sana" si jambo ambalo thamani ya p inaweza kulisema. Na "yanapunguza" ni dai ambalo kai-skwea haina uwezo wa kulithibitisha. Tutalichambua jedwali lenyewe hatua kwa hatua, kisha turudi kwenye sentensi hiyo. Takwimu za kisa hiki ni za mfano, zimepangwa ili anayetaka aweze kufuatilia hesabu zote kwa kalamu na karatasi.

Hali ilikuwa hivi. Taasisi ya mafunzo iliwauliza wanafunzi 300 maswali mawili yanayotuhusu hapa. La kwanza: unasoma kwa njia gani, darasani, mtandaoni, au kwa mchanganyiko wa zote mbili? La pili: umeridhika kiasi gani na kozi? Majibu ya swali la pili yalikuwa na ngazi tano kwenye fomu, nayo yakakunjwa kuwa matatu. Tutaona baadaye kwa nini, na kwa nini wakati wa kufanya hivyo una maana. Kila mwanafunzi aliweka alama kwenye jibu moja tu kwa kila swali.

Maswali yote mawili ni ya makundi. Hakuna wastani wa "darasani" na "mtandaoni", kwa hiyo hakuna pa kuanzia kulinganisha wastani. Kinachoweza kufanyika ni kuhesabu vichwa: wangapi wapo kwenye kila makutano ya jibu la kwanza na la pili. Hesabu hiyo ndiyo huzaa jedwali mtambuka.

| Njia | Ameridhika | Wastani | Hakuridhika | Jumla |
|---|---|---|---|---|
| Darasani | 68 | 33 | 19 | 120 |
| Mtandaoni | 38 | 31 | 31 | 100 |
| Mchanganyiko | 44 | 26 | 10 | 80 |
| Jumla | 150 | 90 | 60 | 300 |

Ukitazama kwa macho tu, safu ya mtandaoni inajitenga. Watu 31 kati ya 100 hawakuridhika, ilhali kwa darasani ni 19 kati ya 120, na kwa mchanganyiko ni 10 kati ya 80. Lakini macho hudanganywa na bahati. Hata kama njia ya kujifunza haihusiani kabisa na kuridhika, ukichukua sampuli ya watu 300 safu hazitatoka zikiwa na uwiano sawasawa. Swali ambalo kai-skwea hulijibu ni jembamba: je, kuyumba huku ni kule ambako bahati ya sampuli huleta kwa kawaida, au kumepita kiasi?

Ili kupima kuyumba lazima kwanza tujue jedwali lingekuwaje kama hakuna uhusiano. Hapa ndipo wengi hukosea kwa kudhani kwamba "hakuna uhusiano" maana yake ni kila seli kuwa na idadi sawa, yaani 300 kugawanywa kwa 9. Sivyo. Jaribio halishangai kwamba wanaosoma darasani ni wengi, wala kwamba walioridhika ni wengi kuliko wasioridhika. Linazikubali jumla za pembeni kama zilivyo, kisha linauliza: kama nusu ya watu wote (150 kati ya 300) wameridhika, na njia haina mchango wowote, basi nusu ya wa darasani wangeridhika, nusu ya wa mtandaoni, na nusu ya wa mchanganyiko. Nusu ya 120 ni 60, nusu ya 100 ni 50, nusu ya 80 ni 40. Hizo ndizo idadi tarajiwa. Kanuni yake kwa seli yoyote ni:

```
tarajiwa = (jumla ya safu mlalo × jumla ya safu wima) / jumla kuu
```

Kwa seli ya mtandaoni na kutoridhika: 100 × 60 / 300 = 20. Tulitarajia 20, tukapata 31. Jedwali zima la idadi tarajiwa ni hili:

| Njia | Ameridhika | Wastani | Hakuridhika |
|---|---|---|---|
| Darasani | 60 | 36 | 24 |
| Mtandaoni | 50 | 30 | 20 |
| Mchanganyiko | 40 | 24 | 16 |

Hapa zimetoka namba kamili kwa sababu mfano umepangwa hivyo. Katika data ya kawaida utapata 23.7 au 41.26, na hupaswi kuzikadiria kuwa namba kamili. Idadi tarajiwa ni kipimo tu, si watu halisi.

Sasa kwa kila seli tunachukua tofauti kati ya idadi halisi na tarajiwa, tunaizidisha kwa yenyewe, kisha tunaigawa kwa idadi tarajiwa. Kuzidisha kwa yenyewe kunaondoa alama ya kutoa, maana bila hivyo waliozidi na waliopungua wangefutana na jumla ingekuwa sifuri daima. Kugawa kunaweka mizani: kukosea kwa watu 11 pale ulipotarajia 20 ni jambo zito kuliko kukosea kwa 11 pale ulipotarajia 500. Kwa seli yetu ya mtandaoni na kutoridhika:

```
(31 − 20)² / 20 = 121 / 20 = 6.05
```

Ukifanya hivyo kwa seli zote tisa unapata, safu kwa safu: darasani 1.07, 0.25 na 1.04, mtandaoni 2.88, 0.03 na 6.05, mchanganyiko 0.40, 0.17 na 2.25. Jumla yake ni 14.138, na hiyo ndiyo kai-skwea. Usiipite orodha hiyo haraka. Seli moja peke yake imechangia zaidi ya asilimia 40 ya jumla, na safu ya mtandaoni nzima imechangia karibu 9 kati ya 14. Habari yote ya kisa hiki imo mle ndani, lakini ukiandika "14.138" peke yake kwenye ripoti, msomaji haioni.

Namba 14.138 haina maana mpaka ujue imetoka kwenye jedwali la ukubwa gani, kwa sababu seli zikiwa nyingi jumla nayo hukua hata pasipo uhusiano. Ndiyo kazi ya digrii za uhuru. Zinahesabiwa kwa kupunguza moja kwenye idadi ya safu mlalo, kupunguza moja kwenye idadi ya safu wima, kisha kuzidisha: (3 − 1) × (3 − 1) = 4. Maana yake inashikika ukijaribu kwa mkono. Ukishazijua jumla za pembeni, jaza seli nne za juu kushoto upendavyo. Tano zilizobaki zinajijaza zenyewe kwa kutoa. Ni seli nne tu zilizokuwa huru kuyumba. Jambo hili linaonekana dogo, lakini Karl Pearson aliyeleta jaribio hili mwaka 1900 mwenyewe alilikosea kwa majedwali ya namna hii, na ilimchukua Ronald Fisher mwaka 1922 kulirekebisha. Kwa hiyo mwanafunzi anayekwama hapo asijione mjinga.

Kwa digrii 4, mpaka wa kiwango cha 0.05 ni 9.488, na wa kiwango cha 0.01 ni 13.277. Yetu imevuka yote miwili. Programu itakupa thamani kamili ya p. Katika R hesabu yote ni mistari michache:

```r
jedwali <- matrix(c(68, 33, 19,
                    38, 31, 31,
                    44, 26, 10), nrow = 3, byrow = TRUE)
jaribio <- chisq.test(jedwali)
jaribio
jaribio$expected
jaribio$stdres
```

Jibu la amri ya tatu, `jaribio`, ni hili:

```
X-squared = 14.138, df = 4, p-value = 0.006866
```

Anayetumia lahajedwali aangalie kitu kimoja. Fomula `CHISQ.TEST` hudai jedwali la idadi halisi na lile la tarajiwa, na inachorudisha ni thamani ya p, si kai-skwea. Mara nyingi mtu huona 0.0069 akaandika "kai-skwea ni 0.0069", kisha akahitimisha kwamba hakuna uhusiano kwa kuwa namba ni ndogo kuliko 9.488. Ukitaka kai-skwea yenyewe, ijumlishe seli kwa seli, halafu p uitafute kwa `CHISQ.DIST.RT` pamoja na digrii 4.

Sasa, 0.0069 inasema nini? Inasema: kama njia ya kujifunza na kuridhika kweli havihusiani, na kama tungerudia kuchukua sampuli kama hii mara nyingi, ni takriban sampuli 7 kati ya 1,000 tu ambazo zingetupa jedwali lililoyumba kiasi hiki au zaidi. Hapo ndipo inapoishia. Haisemi kwamba uwezekano wa kutokuwepo uhusiano ni asilimia 0.7. Haisemi kwamba tuna uhakika wa asilimia 99.3. Hesabu nzima ilianza kwa kudhani kwamba uhusiano haupo, na huwezi kutumia namba iliyotokana na dhana kupima uwezekano wa dhana hiyohiyo. Tulichopata ni sababu nzuri ya kuacha kuamini kwamba bahati peke yake ndiyo iliyolichora jedwali hili.

Turudi kwenye ile 14.6 ya rasimu. Mwandishi hakuingiza idadi ya watu. Alikuwa ametengeneza jedwali la asilimia kwa ajili ya chati, akalipeleka hilohilo kwenye programu: darasani 56.7, 27.5 na 15.8, mtandaoni 38, 31 na 31, mchanganyiko 55, 32.5 na 12.5. Programu haikulalamika, kwa sababu yenyewe huona namba tu. Jibu likatoka takriban 14.6, karibu kabisa na jibu sahihi, na hilo ndilo lililomponza, maana hakukuwa na cha kumshtua. Ukaribu huo ni wa kuotea. Safu tatu zenye asilimia 100 kila moja huifanya programu idhani kuna watu 300, na sampuli ilikuwa na watu 300 kweli. Lau angehoji watu 60 wakatoka na asilimia kama hizi, programu bado ingempa kai-skwea ya 14 na kitu, ilhali jibu sahihi lingekuwa chini ya 3, na uhusiano usingetambulika kabisa. Dalili ya kosa hili ni rahisi kuiona: kwenye jedwali la idadi halisi, desimali haziwezi kuwepo. Hakuna nusu mtu. Ukiona 27.5 kwenye jedwali uliloingiza, simama hapo.

Kuna ndugu wa kosa hilo anayejificha zaidi. Hojaji hiyohiyo ilikuwa na swali la vikwazo: "Weka alama kwa vyote vinavyokuhusu." Mwanafunzi mmoja aliweza kuchagua vitatu, mwingine kimoja. Mtu akijumlisha alama zote kwa kila njia ya kujifunza, anapata jedwali linalofanana kwa kila hali na letu, tena lenye namba kamili, lakini jumla kuu inaweza kufika 700 wakati watu ni 300. Hapo kai-skwea haifai, kwa sababu inadai kila mtu aingie kwenye seli moja na mara moja tu. Jumla kuu ya jedwali ikizidi idadi ya fomu, umeshalijua tatizo. Dawa yake ni kukichukua kila kikwazo peke yake kama ndiyo au hapana, kisha kukilinganisha na njia ya kujifunza, ukikumbuka kwamba ukifanya majaribio manane kwa kiwango cha 0.05 unajiongezea nafasi ya kuokota kitu kisichokuwepo. Njia ya kawaida ya kujikinga ni kugawa 0.05 kwa idadi ya majaribio.

Suala la ngazi tano kukunjwa kuwa tatu nalo lina mantiki yake. Kai-skwea ni makadirio, na makadirio hayo hulegea idadi tarajiwa zikiwa ndogo. Kanuni inayofuatwa zaidi ni kwamba seli zenye idadi tarajiwa chini ya 5 zisizidi asilimia 20 ya seli zote, na isiwepo hata moja iliyo chini ya 1. Zingatia neno tarajiwa. Seli yenye mtu mmoja halisi si tatizo kama ilitarajiwa kuwa na 9. Katika kisa hiki, ngazi ya "sijaridhika kabisa" ilikuwa na watu 12 tu. Idadi tarajiwa zake zilikuwa 4.8 kwa darasani, 4 kwa mtandaoni na 3.2 kwa mchanganyiko. Hizo ni seli 3 kati ya 15, yaani asilimia 20 kamili. Kanuni haijavunjwa, lakini imepona chupuchupu, na R ingetoa onyo hili hata hivyo:

```
Chi-squared approximation may be incorrect
```

Kuunganisha "sijaridhika" na "sijaridhika kabisa" kulikuwa uamuzi wa busara, na kwa upande wa juu pia ngazi mbili zikaunganishwa ili pande zote zitendewe sawa. Kilichouokoa uamuzi huo ni kwamba uliandikwa kwenye mpango wa uchambuzi kabla ya matokeo kuonekana. Mtu akijaribu kwanza ngazi tano, akapata p ya 0.08, akaunganisha hivi akapata 0.06, akaunganisha vile akapata 0.04 na kuripoti hiyo ya mwisho, ile 0.04 haina tena maana yake ya awali. Ameyapanga makundi yafuate jibu. Pale ambapo kuunganisha hakuleti maana, kwa mfano makundi ni madhehebu au kazi zisizofanana, ni afadhali kutumia jaribio kamili la Fisher, `fisher.test` kwenye R, kuliko kulazimisha vitu visivyoendana vikae chungu kimoja.

Na jedwali likiwa la mbili kwa mbili, usishangae R na kikokotoo chako vikitofautiana kidogo. R hutumia sahihisho la Yates kwa majedwali hayo bila kuambiwa, na sahihisho hilo huishusha kai-skwea. Ukiandika `correct = FALSE` litaondoka. La muhimu ni kutaja kwenye ripoti umetumia lipi.

Tuje kwenye "mkubwa sana". Kosa hili lina mizizi kwenye lugha yetu ya ripoti. Matokeo yanayovuka kiwango cha 0.05 tumezoea kuyaita "makubwa" au "muhimu", na msomaji anayasikia maneno hayo kwa maana yake ya kila siku. Afadhali tuseme "uhusiano unaotambulika kitakwimu", maana ndicho kilichotokea: tumeutambua, hatujaupima. Chukua jedwali letu, zidisha kila seli kwa 10, uwe na watu 3,000. Asilimia hazibadiliki hata moja, lakini kai-skwea inapanda hadi 141.38 na p inakuwa ndogo isiyoandikika kwa desimali za kawaida. Je, masomo ya mtandaoni yameharibika mara kumi? Hapana. Sampuli ndiyo imekuwa kubwa. Kai-skwea huchanganya mambo mawili, ukubwa wa uhusiano na wingi wa watu, na kwa kuitazama yenyewe huwezi kuyatenganisha.

Kipimo kinachotenganisha ni V ya Cramér. Unagawa kai-skwea kwa idadi ya watu mara idadi ndogo kati ya safu mlalo na safu wima ukitoa moja, kisha unatafuta kipeuo cha pili:

```
V = √( 14.138 / (300 × 2) ) = √0.02356 = 0.15
```

V huanzia 0, pasipo na uhusiano, hadi 1, pale kundi moja linapotabiri jingine bila kukosea. Yetu ni 0.15. Ukiwa na watu 3,000 wenye asilimia zilezile, inabaki 0.15 vilevile, na ndiyo maana inaaminika kwa kazi hii. Uhusiano upo, lakini ni wa kiasi kidogo. Mtu asiichukulie 0.15 kama asilimia 15 ya kitu chochote, kwa sababu si uwiano wa watu. Kwa msomaji asiye mtakwimu, asilimia za safu zinaeleza ukubwa vizuri zaidi kuliko V: wasioridhika ni asilimia 31 mtandaoni, dhidi ya 15.8 darasani na 12.5 kwenye mchanganyiko. Hapo asilimia zinatumika mahali pake, yaani kueleza, wala si kuingizwa kwenye jaribio.

Kai-skwea ya jedwali zima inasema tu kwamba mahali fulani ndani ya jedwali pana kitu. Haionyeshi ni wapi. Hapa ndipo mstari wa mwisho wa msimbo, `jaribio$stdres`, unapofanya kazi. Unatoa baki lililosawazishwa kwa kila seli, na baki hilo linasomeka karibu kama alama z: likiwa kati ya −2 na 2, seli haijajitenga na matarajio kwa namna ya kutiliwa maanani.

| Njia | Ameridhika | Wastani | Hakuridhika |
|---|---|---|---|
| Darasani | 1.89 | −0.77 | −1.47 |
| Mtandaoni | −2.94 | 0.27 | 3.37 |
| Mchanganyiko | 1.04 | 0.57 | −1.96 |

Kwa kuwa tunakagua seli tisa kwa mpigo, mpaka wa 2 ni mwepesi mno. Ukigawa 0.05 kwa 9, mpaka unapanda hadi takriban 2.77. Seli mbili tu zinauvuka, na zote ziko kwenye safu ya mtandaoni: wasioridhika ni wengi kuliko ilivyotarajiwa, walioridhika ni wachache. Alama ya kutoa ndiyo inayokueleza upande. Seli ya mchanganyiko na kutoridhika, yenye −1.96, inavutia macho lakini haifiki. Safu wima ya "wastani" imetulia kabisa.

Je, darasani na mchanganyiko vinatofautiana vyenyewe kwa vyenyewe? Ukiiondoa safu ya mtandaoni na kufanya jaribio kwa watu 200 waliobaki, kai-skwea ni 0.80 kwa digrii 2, na p ni 0.67. Hakuna tofauti iliyotambulika. Angalia hatujasema "viko sawa". Kwa watu 200, tofauti ndogo inaweza kuwepo na isionekane. Lakini sasa picha imekamilika: mtikisiko wote wa jedwali umetoka kwenye safu moja.

Kabla ya kuandika ripoti inafaa pia kujua kitu ambacho jaribio limekitupa. "Ameridhika", "wastani" na "hakuridhika" vina mpangilio, lakini kai-skwea haiujui. Badilisha safu wima, weka "wastani" mwisho, na jibu litabaki 14.138. Kwa swali letu hasara si kubwa kwa sababu mabaki yanaonyesha wazi mwelekeo, ila pale ambapo hoja yenyewe ni mwelekeo, jaribio linalotumia mpangilio kama la Kruskal-Wallis kwa kawaida hunusa tofauti mapema zaidi.

Limebaki neno "yanapunguza". Wanafunzi hawa hawakugawanywa kwa kura kwenye njia tatu, walichagua wenyewe. Huenda wanaochagua mtandaoni ni wengi wao wenye kazi za mchana, wanaosoma usiku wakiwa wamechoka, na ambao wangelalamika hata wangekaa darasani. Jedwali letu halina safu ya kazi, kwa hiyo haliwezi kulikataa wala kulikubali jambo hilo. Namna rahisi ya kulikagua ni kuligawa jedwali mara mbili, wenye kazi na wasio na kazi, na kutazama kama safu ya mtandaoni inajitenga ndani ya kila sehemu. Ikijitenga kwenye sehemu zote mbili, maelezo ya kazi yanadhoofika. Ikitulia kote, basi njia ya kujifunza ilikuwa imebeba lawama ya kitu kingine. Ila ukigawa hivyo idadi tarajiwa nazo zinashuka, na unarudi kuikagua ile kanuni ya 5.

Vivyo hivyo, p haijui lolote kuhusu namna sampuli ilivyopatikana. Inadhani watu 300 walichaguliwa kila mmoja bila kutegemea mwenzake. Kama waliokotwa darasa zima kwa darasa zima, wanafunzi wa mwalimu mmoja hufanana majibu, na kai-skwea ya kawaida itatoka kubwa kuliko inavyostahili. Kwa sampuli za vishada au zenye uzani hutumika sahihisho la Rao na Scott, ambalo kwenye R limo katika `svychisq` ya kifurushi cha `survey`. Kuingiza hesabu zilizozidishwa kwa uzani moja kwa moja kwenye `chisq.test` ni kosa la aina ileile ya asilimia: programu itahesabu watu ambao hukuwahoji.

Baada ya yote hayo, sentensi ya rasimu iliondolewa, na aya hii ikachukua nafasi yake:

"Kuridhika na kozi kulihusiana na njia ya kujifunza, χ²(4, N = 300) = 14.14, p = 0.007, ingawa uhusiano ni mdogo (V ya Cramér = 0.15). Tofauti imetokana na wanaosoma mtandaoni: asilimia 31 kati yao hawakuridhika, ikilinganishwa na 15.8 ya darasani na 12.5 ya mchanganyiko (baki lililosawazishwa 3.37). Kati ya darasani na mchanganyiko hakukutambulika tofauti (p = 0.67). Ngazi tano za kuridhika ziliunganishwa kuwa tatu kama ilivyoelezwa kwenye mpango wa uchambuzi. Wanafunzi walichagua njia wenyewe, hivyo matokeo haya hayaonyeshi kwamba njia ya mtandaoni ndiyo chanzo cha kutoridhika."